Mtoto Mmoja, Kaya Mbili: Uhamaji na Malezi Mkoani Dodoma

Wanaosema miji inavunja familia hutazama nyumba na kuusahau ukoo. Hapa Dodoma familia haijavunjika, imetawanyika. Malezi ya mtoto mmoja yamegawanywa kati ya kaya mbili au tatu: hela inatoka kwa mmoja, mikono ni ya mwingine, na uamuzi unabaki kwa wa tatu. Hoja ya insha hii ni kwamba umbali wa mzazi peke yake haumdhuru mtoto sana. Kinachomdhuru ni hayo matatu yanapokosa kukutana kwa wakati.

Uhamaji wenyewe si mgeni. Mvua hapa ni ya msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na baada ya mavuno vijana wa Kigogo wamezoea kwenda mjini kutafuta vibarua na kurudi kulima. Kilichobadilika ni nani anaondoka na kwa muda gani. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, na kuanzia 2016 serikali ikaanza kuhamia hapa, uamuzi uliosubiri tangu 1973. Watu wa mkoa walikuwa 2,083,588 mwaka 2012. Mwaka 2022 wakafika 3,085,625. Migahawa, saluni, nyumba za wageni na nyumba za watumishi zinataka wafanyakazi mwaka mzima, na wengi wanaoajiriwa huko ni wanawake vijana. Zamani aliondoka kijana wa kiume kwa miezi michache. Sasa anaondoka mama.

Takwimu za kaya haziuonyeshi mgawanyo huu vizuri. Sensa ya 23 Agosti 2022 ilimhesabu kila mtu alipolala usiku wa kuamkia siku hiyo. Mama aliyelala mjini alihesabiwa mjini, mwanawe kijijini, na fomu haikuonyesha kamba inayowaunganisha. Tena Agosti ni kiangazi, wakati ambao watu wa vijijini wanatembea zaidi.

Chukua mfano wa kawaida: mama wa miaka 24 kutoka Wilaya ya Bahi anapata kazi mgahawani mjini na kumwacha mtoto wa miezi 8 kwa bibi mzaa mama. Anatuma shilingi 40,000 kila mwezi, akiamini ni hela ya mtoto. Lakini nyumba ya bibi ina watu sita na chungu kimoja. Januari hadi Machi, ghala likiwa limekwisha na mazao mapya bado shambani, debe la mtama limepanda bei. Hela ile inanunua unga wa wote. Bibi hawezi kumpikia mjukuu mmoja huku wengine wakitazama, na hakuna mtu mwenye haki ya kumlaumu. Mtoto aliyeachishwa ziwa mapema anabaki na uji mwepesi usio na karanga wala maziwa. Mama akisikia amepungua uzito anasema hela yake inaliwa, mwezi unaofuata anapunguza, na chungu kinazidi kuwa chepesi kwa wote, mtoto wake akiwemo. Mara nyingi hapa ndipo undugu unapochubuka, ingawa hakuna aliyeiba kitu.

Kadi ya kliniki nayo imebaki kwenye begi la mama. Chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na kurudiwa miezi 18. Bibi akifika zahanati bila kadi, muuguzi hajui za wiki ya 6, 10 na 14 zilitolewa zipi, na bibi anaambiwa arudi nayo. Homa ikipanda usiku, bibi anatafuta kwanza simu ya mjomba ili mama aulizwe. Kwa malaria, saa hizo ni nyingi mno.

Upande wa baba nao una sauti. Pale ng'ombe za mahari hazijatolewa, mtoto huhesabiwa wa ujombani. Zikitolewa baadaye, baba wadogo na mashangazi wanaweza kuja kumdai akiwa tayari anaanza shule. Bibi aliyemlea miaka yote haulizwi.

Mjini mnyororo unaendelea. Sheria inampa mama mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Zikiisha, mtumishi asiye na mama wala shangazi karibu anatafuta dada wa kazi kutoka Singida au Kondoa. Huyo dada naye huenda ameacha mwanawe kwa bibi, na kwenye mshahara wake ndimo inamotoka hela kama zile shilingi 40,000 zinazotumwa kijijini. Malezi ya mtoto wa mtumishi yanalipiwa kwa mkataba wa mdomo. Ya mtoto wa dada yanategemea nguvu za mwanamke mzee ambaye pia analima, anachota maji na kutafuta kuni.

Kwa hiyo anayetafiti malezi Dodoma asianze na nani analala wapi. Aulize nani anatuma hela, inafika tarehe ngapi, kadi iko kwa nani, na nani anaruhusiwa kumpeleka mtoto hospitali bila kupiga simu.