Rili ya dagaa wa chanja: majibu ya bei yako na masharti tunayopendekeza

Mwangaluka, dada Neema. Za Nyegezi?

Asante kwa bei uliyotutumia: shilingi 950,000 kwa rili 1, stori 3 na "haki zote". Kazi yako tunaitaka, ila haki zote hatuzihitaji, na wewe usiziuze kirahisi. Bei ya dagaa hubadilika kila mara, kwa hiyo video inayotaja bei haitufai baada ya miezi michache. Tukipunguza haki, tunapendekeza 700,000.

Tunachoomba ni rili 1 ya sekunde 30 hadi 45, wima, 1080 × 1920, iwekwe Instagram na TikTok, pamoja na stori 3 za Instagram siku hiyohiyo. Faili utume lisilo na alama ya TikTok wala maandishi, kwa Drive. Ukituma kwa WhatsApp kama video ya kawaida inabanwa, na magamba ya dagaa yanaonekana kama ukungu.

Jambo moja lisikatwe katikati: chukua kiganja cha dagaa wetu, tia kwenye bakuli jeupe lenye maji, koroga, subiri sekunde 10, kisha onyesha chini ya bakuli. Mteja wa Mwanza anaogopa mchanga kuliko bei, na wetu wanaanikwa kwenye chanja, si chini. Ukikata hapo atadhani tumebadilisha bakuli. Maneno mengine sema kwa lugha yako, ila usiseme dagaa wanatibu ugonjwa wowote.

Kurekodi iwe Igombe, Jumamosi tarehe 15 Agosti. Gari litakufuata saa 11 alfajiri, kwa gharama yetu, uwahi mitumbwi ikirudi. Tumechagua wiki ya giza makusudi: mbalamwezi ikiwaka taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri, na ukija siku hizo utakuta chanja nusu tupu. Rasimu tuipate Jumanne tarehe 18. Tutajibu ndani ya saa 24, tukiomba marekebisho mara 1 tu. Kosa likiwa letu, mfano tumekupa bei isiyo sahihi, marudio tunalipia. Kuchapisha ni Ijumaa tarehe 21, saa 1 jioni.

Muziki tafadhali usitumie wimbo unaovuma. Akaunti ya biashara ikiubusti bila leseni, tangazo linakataliwa au sauti inazimwa. Sauti yako na mlio wa mawimbi vinatosha.

Haki za matumizi: siku 90, tarehe 21 Agosti hadi 18 Novemba, kwenye kurasa zetu na matangazo ya kulipia ya Instagram na TikTok. Mabango, redio, televisheni na vifungashio havimo. Tukitaka mwezi mmoja zaidi ni 80,000, na tutaomba kwanza. Hatutakata video ikabadilisha maana ya ulichosema. Instagram weka lebo ya "Paid partnership" na uturuhusu kubusti kabla ya kuchapisha. TikTok tutumie msimbo wa kuidhinisha wa siku 60, kisha wa 30, kwani chaguo la 90 halimo. Kwa siku 30 za mwanzo usitangaze dagaa wa mwingine. Sangara na sato ruksa.

Sasa ufuatiliaji. Misimbo ni miwili, NEEMAIG na NEEMATT; ukiwa mmoja hatutajua mteja katoka wapi. Mteja anapunguziwa 1,000 kwa pakiti, na wewe unapata 500 juu ya malipo yako, hadi 30 Septemba. Oda nyingi huingia WhatsApp na watu husahau kutaja msimbo, kwa hiyo kiungo cha stori kitaandika ujumbe chenyewe. Mwisho wake ni huu, usiufute:

```
?text=NEEMAIG%20Naomba%20dagaa%20pakiti
```

Kwenye kepsheni ya Instagram kiungo hakibonyezeki. Weka kwenye stika ya stori na kwenye wasifu wako. Mteja akisema tu "nimeona kwa Neema", tutakuandikia pia. Oda iliyoghairiwa haihesabiwi. Hesabu utaipata kila Jumatatu, na malipo ya misimbo tarehe 5 Oktoba. Nawe tutumie picha za takwimu: stori baada ya saa 24, rili baada ya siku 7.

Malipo ya 700,000 ni nusu kabla ya kurekodi, nusu ndani ya siku 3 baada ya kuchapisha. Tunakata kodi ya zuio asilimia 5, yaani 35,000, na cheti chake tunakupa. Mkononi unabaki na 665,000. Tukiahirisha sisi baada ya wewe kurekodi, nusu ya kwanza ni yako.

Kama 700,000 bado ni ndogo, afadhali tuondoe stori 1 kuliko kurefusha haki. Naomba jibu kabla ya Ijumaa hii tuandike mkataba wa ukurasa mmoja, na pakiti 6 za majaribio zikufikie mapema uzipike kwanza nyumbani.

Kulwa, Masoko
Igombe, Ilemela