Tathmini ya hatari ya kujiua: hudhurio la kwanza, kliniki ya afya ya akili

22/10/2024, saa 4:20 asubuhi. Mwanaume, miaka 41, mkulima wa pamba, Wilaya ya Maswa. Ameletwa na mdogo wake. Nimezungumza naye peke yake dakika 40, kisha na mdogo wake kwa ridhaa yake.

Nilimuuliza wazi kama anafikiria kujiua. Alinyamaza kitambo, akasema: "Juzi usiku niliifungua chupa. Nikamsikia mtoto anakohoa, nikaifunga." Ni dawa ya wadudu iliyobaki msimu uliopita. Mawazo humjia kila siku. Leo anasema hataki kufa, wala hajapanga siku.

Yanayoongeza hatari: kubwa kuliko yote ni hilo la juzi, na chupa ilikuwa bado ndani asubuhi hii. Alijaribu kujiua mwaka 2016, akalazwa. Baba yake mdogo alijiua. Anakunywa gongo kila jioni kwa miezi 3 sasa, na juzi alikuwa amelewa. Anadaiwa sh. 1,200,000 za kikoba, anakwepa njia ya sokoni kwa aibu. Halali usiku. PHQ-9: 19. Hasikii sauti.

Yanayomkinga: watoto 4, kitinda mimba amemtaja mara tatu bila kuulizwa. Mdogo wake anaishi naye boma moja. Amekubali matibabu. Kanisani ameacha kwenda tangu Agosti, hivyo kwa sasa sihesabu kanisa kuwa kinga.

Uamuzi: hatari ni kubwa. Nilimshauri alazwe, amekataa, akili yake timamu na anaeleza sababu zake. Sikumruhusu papo hapo. Amekaa hapa chini ya uangalizi wakati mdogo wake amerudi nyumbani kwa bodaboda. Saa 8:50 mchana amepiga simu: chupa imekabidhiwa kwa bwana shamba, na mke amethibitisha hakuna nyingine. Bila simu hiyo nisingemruhusu. Nimejadiliana na daktari wa zamu, ameafiki.

Sijamwomba aahidi kwamba hatajiua. Ahadi haimlindi mtu aliyelewa usiku wa manane. Chupa kutokuwepo inamlinda. Kwa hiyo mpango umeanzia hapo. Dalili yake ya hatari, kwa maneno yake: "nikianza kuona watoto wataishi vizuri bila mimi." Ikimjia, anakwenda kugonga kwa mdogo wake saa yoyote. Mdogo wake atalala naye chumba kimoja wiki hii, na akizidiwa wanakuja hospitali hata usiku.

Dawa: fluoksetini mg 20 asubuhi, vidonge 3 tu, vikae kwa mke. Amitriptilini nimeiacha kwa makusudi ingawa ingemsaidia kulala, maana akizimeza nyingi zinaua. Pombe: hatetemeki leo, mdogo wake ameelezwa dalili za kuacha ghafla, na kwamba zikitokea amlete mara moja.

Kurudi Ijumaa 25/10. Asipofika kufikia saa 6 mchana, mimi mwenyewe nampigia mdogo wake, na mhudumu wa afya ya jamii anakwenda nyumbani siku hiyohiyo. Akifungua chupa nyingine, akinywa pombe tena, au mdogo wake akisafiri, tathmini hii haitumiki. Apimwe upya na kulazwa kufikiriwe kwanza.