Magari matatu yaliyopo wiki hii: kilomita, historia, majaribio na bei

Soma tangazo lote kabla ya kutuandikia. Tunauza magari machache kwa wakati mmoja ili kila moja tulijue vizuri. Kila gari hapa limekaa kwetu wiki mbili au zaidi, tumeliwasha asubuhi likiwa baridi, tumelipandisha kwenye jeki, na kompyuta yake tumeisoma kwa mashine. Bei ipo kwenye karatasi iliyobandikwa kioo cha mbele, na ukiuliza kwa ujumbe tunakutumia picha ya karatasi hiyohiyo. Kila mteja anapewa bei moja.

TOYOTA COROLLA FIELDER, 2010
Rangi ya fedha, injini 1NZ-FE ya sisi 1,496, giaboksi ya CVT. Kilomita 141,206.

Limekuwa la mtu mmoja kwa miaka tisa na kitabu cha sevisi kipo. Oili imebadilishwa kila kilomita 5,000, isipokuwa kati ya 88,000 na 101,000 ambapo hakuna risiti hata moja. Mwenye gari anasema alifanya sevisi kwa fundi wa mtaani asiyetoa risiti. Tunamwamini, ila hatuwezi kukuthibitishia. Pengo hilo tunalitaja kwa sababu injini hii inatumia cheni, si mkanda. Hutadaiwa mkanda mpya kila baada ya kilomita kadhaa, lakini cheni inaishi kwa oili safi, na ikikosa oili safi inalegea. Tulifungua kifuniko cha valvu: hakuna uchafu mzito, na asubuhi haipigi kelele za cheni.

Shokapu ya nyuma kushoto ilikuwa inavuja. Tumebadilisha zote mbili za nyuma. Tairi za mbele zina namba 2322, yaani zilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2022. Za nyuma ni 0918. Kashata bado ipo, milimita 5, lakini ubavuni zimeanza kupasuka. Weka tairi mbili kwenye bajeti yako tangu siku ya kwanza.

MAZDA DEMIO, 2010
Nyekundu, injini ya sisi 1,348, otomatiki. Kwenye dashibodi: kilomita 71,340. Kilomita halisi: hatuzijui.

Gari hili linahitaji maelezo marefu. Tulilinunua tukiamini namba ya dashibodi, na ni kosa letu, maana dalili tulikuwa nazo mbele ya macho. Mpira wa pedali ya breki umelika upande wa kulia mpaka chuma kinaonekana. Ngozi ya usukani imelainika na kung'aa pale mkono unaposhika, na kiti cha dereva kimebonyea ukingoni. Gari la kilomita elfu sabini halifiki hapo. Siku ya tatu kijana wetu alipokuwa anasafisha, akakuta stika ya zamani nyuma ya boksi la filta ya hewa, imefunikwa vumbi na mafuta. Alipoifuta kwa kitambaa ikasomeka: oili imebadilishwa kwenye kilomita 132,480. Haina tarehe.

Tulimrudia aliyetuuzia, akakana. Tungeweza kuing'oa ile stika na kunyamaza. Bado ipo palepale, na ukija tutakufungulia boneti uisome mwenyewe. Lihesabu gari hili kuwa limepita kilomita 132,480, na kwenye mkataba tutaandika "kilomita hazikuthibitishwa". Bei yake tumeipanga kwa msingi huo.

Tukiweka namba pembeni, ni gari zuri la mjini. Mgandamizo wa silinda zote nne uko karibu sawa, gia zinaingia bila kustuka, na kiyoyozi kinapoza. Bushi za mbele tumeweka mpya. Linafaa mtu wa safari fupi. Kama kila wiki unasafiri masafa marefu, tafadhali angalia jingine.

NISSAN X-TRAIL, 2011
Nyeusi, injini ya sisi 1,997, CVT, inavuta magurudumu manne. Kilomita 118,950, zinalingana na risiti zote.

Liligongwa nyuma kushoto. Kipimo cha rangi kinasoma mikroni 110 hadi 130 sehemu nyingi, lakini fenda ile inasoma zaidi ya 400, maana yake kuna pati chini ya rangi. Chesisi haikuguswa; tumepima na picha za chini tunazo. Mafuta ya CVT yamebadilishwa kwetu, aina ya NS-2 iliyoelekezwa na mtengenezaji. Usikubali mtu akutilie mafuta ya otomatiki ya kawaida.

KUJARIBU GARI

Weka miadi siku moja kabla. Sababu kubwa ni kwamba tunataka uikute injini ikiwa baridi. Gari likiwa la moto huficha mengi: moshi wa asubuhi, mlio wa cheni, gia inayochelewa kushika. Gusa boneti ukifika. Ukikuta ina joto, dai kuja siku nyingine.

Njoo na leseni halali yenyewe, si picha kwenye simu. Mmoja wetu atakaa kando yako. Una dakika 40, mafuta ni yetu, na njia tumeipanga iwe na lami, kilima na kipande cha barabara mbovu. Zima redio. Kilimani kanyaga taratibu usikilize kama CVT inatetemeka. Kwenye tambarare achia usukani kidogo uone gari linavuta upande gani. Kabla ya kutoka utasaini kwamba uharibifu ambao bima haitaufidia, ukitokana na uzembe wako, ni juu yako.

Fundi wako tunamkaribisha, na hata kufungua plagi anaruhusiwa. Malipo yake ni yako, ndiyo maana neno lake litakuwa lako.

MAPATANO YA BEI

Hatupatani kwa ujumbe. "Bei ya mwisho ngapi?" haitajibiwa kwa mtu ambaye hajaliona gari.

Fielder na X-Trail zina nafasi ya asilimia 3, unaipata kwa kuomba tu. Demio haishuki, kasoro yake imeshakatwa. Fundi wako akigundua tatizo ambalo halimo kwenye tangazo hili, tunachukua makadirio ya gereji mbili, kisha ama tunatengeneza kwa gharama zetu, ama tunakata kiasi chote. Tatizo lililoandikwa hapa, kama zile tairi za nyuma, halikatwi mara ya pili.

Arbuni ni asilimia 10 na inalishikilia gari siku tano. Anayetoa arbuni kwanza ndiye wa kwanza, hata kama mwingine aliandika mapema. Fundi akikuta hitilafu ya injini, giaboksi, chesisi au hati, unarudishiwa yote siku hiyohiyo. Ukibadili nia tu, nusu inabaki kwetu, kwa sababu kwa siku hizo tumewakatalia wengine.

Dalali tunamlipa sisi, hakuna kinachoongezwa kwako. Hatuuzi kwa awamu. Fedha zinaingia benki, kwenye akaunti yenye jina la biashara lililo kwenye mkataba, baada ya wewe mwenyewe kulinganisha namba ya chesisi kwenye gari na iliyo kwenye kadi. Funguo zote mbili na kitabu cha sevisi, pale kilipo, unaondoka navyo siku hiyo.