Sheria za Carcassonne kwa Jumamosi usiku

Wifi Zuhura, waaleikum salaam. Picha zote nne za karatasi ya sheria za Carcassonne, ule mchezo wa mezani wa kupanga vigae, zimefika. Ya pili taa imepiga juu yake, na ya tatu imekatika chini, lakini sheria zenyewe zinasomeka. Nimezitafsiri hapa zote kutoka Kijerumani. Azisome Nasra kwa sauti, wengine wasikilize. Salim asipewe simu, akifika katikati ataanza kutunga za kwake.

Kwanza maneno, maana najua hapo ndipo mtakapogombania.

Kile kipande cha kadibodi cha mraba tukiite kigae. Vijitu vya mbao ni watu, basi: "mtu wangu", "mtu wako". Sehemu ya kahawia yenye nyumba na ukuta ni mji, na mji umefungika pale ukuta wake unapouzunguka wote usibaki mwanya, kama Fort Jesus. Nyumba iliyo peke yake katikati ya nyasi ni monasteri, wanakokaa watawa wa Kikristo. Nyasi zenyewe Kijerumani kinaziita malisho, lakini anayelazwa hapo kinamwita mkulima, kwa hiyo nimeandika shamba ili mkulima awe na mahali pake. Kile kialama cha buluu ndani ya baadhi ya miji ni ngao.

Lililonisumbua ni la mtu anayewekwa barabarani. Kwa Kijerumani ni mnyang'anyi anayevizia wapita njia. Nimemfanya msafiri. Pointi hazibadiliki, na sitaki Mama asikie mjukuu wake anapiga kelele sebuleni kwamba yeye ni jambazi. Mkitaka kumrudishia jina lake Mama akishalala, shauri yenu.

Sasa sheria.

Wachezaji ni 2 hadi 5. Kila mmoja achague rangi, achukue watu 7 aweke mbele yake, na mtu wa 8 amsimamishe kwenye sufuri ya ubao wa pointi. Kigae chenye mgongo mweusi zaidi kiwekwe katikati ya meza. Vilivyobaki vichanganywe, vifudikizwe, vipangwe mafungu. Kwa jumla ni 72, vihesabuni kabla hamjaanza. Mdogo kuliko wote ndiye anayeamua nani aanze. Anaamua, si lazima aanze yeye, kwa hiyo Salim asiambiwe nusu.

Zamu yako ikifika, unachukua kigae kimoja, unakionyesha wote, unakiweka. Lazima kigusane kwa upande na kilichopo tayari, kona kwa kona haitoshi. Na kila upande unaogusana ulingane: barabara iendelee na barabara, mji na mji, nyasi na nyasi. Kama hakiingii popote, kinatolewa mchezoni, unachukua kingine. Kusaidiana mawazo kunaruhusiwa, lakini mwenye zamu ndiye mwenye neno la mwisho.

Ukishakiweka, unaweza kusimamisha mtu wako mmoja juu ya kigae hichohicho, si kile ulichoweka zamani. Barabarani ni msafiri, mjini ni askari wa farasi, kwenye monasteri ni mtawa. Huwezi kumweka kama barabara hiyo au mji huo tayari una mtu mahali popote, hata vigae vitano mbele, hata kama ni mtu wako mwenyewe. Kama huna mtu mkononi, unaweka kigae tu.

Kisha tazameni kama kuna kilichokamilika. Barabara inakamilika ikifungwa pande zote mbili, kwa njia panda, mji, monasteri, au ikizunguka ikajikuta. Kila kigae pointi 1. Mji uliofungika ni pointi 2 kwa kila kigae na 2 kwa kila ngao. Salim aliuliza kuhusu mji mdogo wa vigae viwili: ukurasa huu haukuutenga, kwa hiyo ni 4 kama hesabu inavyokwenda. Kuna matoleo ya zamani yaliyoupa 2 tu. Sisi tunafuata karatasi ya boksi letu.

Monasteri inakamilika ikizungukwa na vigae 8, kona zikihesabiwa. Hapa ndipo mwanga ulipoiziba namba, lakini mchoro wa pembeni unaonekana: kila kigae 1, na cha monasteri yenyewe 1. Ni pointi 9.

Pointi zikishasogezwa ubaoni, mtu anarudi mkononi kwa mwenyewe. Hapa kuna jambo karatasi inalipitisha haraka. Utaratibu ni kigae, mtu, pointi. Ukiweka kigae kinachofunga mji usio na mtu, unaweza kumsimamisha wako, ukachukua pointi na kumrudisha papo hapo. Lakini mtu aliyerudi kwa hesabu ya zamu hii humweki tena zamu hii. Asubiri.

Watu wawili kwenye mji mmoja inawezekanaje na tumesema hapana? Miji miwili ilianza mbalimbali, kila mmoja na mtu wake, kikaja kigae kikaiunganisha. Hapo mwenye watu wengi anachukua pointi zote, mwenye wachache hapati kitu. Wakiwa sawasawa, kila mmoja anapata pointi kamili. Hazigawanywi nusu. Nimelisoma mara mbili sentensi hiyo kwa sababu namjua kaka yangu.

Ubao wa pointi unaishia 49. Ukivuka, unaanza mzunguko mpya na mtu wako wa ubaoni unamlaza, kuonyesha kwamba una 50 nyuma yako. Huyo si mkulima, ingawa wote wamelala.

Mchezo unaisha zamu ya kigae cha mwisho ikimalizika. Ndipo mnahesabu vilivyobaki nusunusu: barabara pointi 1 kwa kigae, mji ambao haukufungika pointi 1 kwa kigae na 1 kwa ngao, monasteri 1 na kila kigae kinachoizunguka 1.

Wakulima nimewaacha mwisho kwa makusudi. Mkulima unamlaza kwenye nyasi wakati ule ule ambao ungemsimamisha mwingine, na harudi mkononi mpaka mwisho wa mchezo. Shamba lake linaenea mpaka litakapozuiwa na barabara, mji, au ukingo wa vigae. Mwisho, kila mji uliofungika unaogusa shamba hilo unampa pointi 3. Mkiwa wakulima wawili shamba moja, ni ile ile ya wengi na sare.

Najua Ami wa Maskati aliwafundisha 4. Hakukosea, toleo la kwanza la mwaka 2000 lilikuwa 4, na lilihesabu mji mmoja mmoja, kuangalia nani ana wakulima wengi kuuzunguka. Mkichanganya 4 yake na mashamba ya karatasi hii, mkulima mmoja atawashinda wote na hakuna atakayeshughulika kujenga. Basi 3.

Ushauri wangu, mchezo wa kwanza chezeni bila wakulima. Boksi linasema kama dakika 35. Nyinyi wekeni saa nzima, na chai juu yake. Mchezo wa pili walazeni, na Ami akipiga simu kubisha, mtumieni picha ya nne.