Barua kwa Baba na Mama Swalehe

Assalaam alaykum, Baba. Assalaam alaykum, Mama. Shikamooni.

Naandika kwa sababu nikija hapo Kibokoni ulimi wanikatika. Nimekuja mara 3 tangu tumzike Swalehe. Mara zote nimekaa barazani, nimekunywa kahawa, nimesema "poleni sana", nikaondoka. Leo ni siku ya 19. Nyinyi mwanihesabu katika wanenu, na mwana hawezi kuishia hapo.

Kwanza, Baba, nakutaka radhi. Siku ya maziko, pale Kikowani, ulisimama kando ya kaburi na mchanga mkononi, mkono umekataa kuumwaga. Mimi nikakushika bega nikakwambia, "Kazi ya Mungu haina makosa." Ulinitazama, hukunijibu. Neno lenyewe ni la kweli na silikani. Lakini sikulisema kwa ajili yako. Nililisema kwa kuwa sikustahimili kukuona ukilia, nikataka unyamaze. Nisamehe, Baba.

Baada ya hapo nikaanza kuyasikiliza maneno tunayowaletea. "Mungu alimpenda zaidi": Mama alipoambiwa hivyo, nilimwona akiukunja upindo wa leso yake, akiukunjua, akiukunja tena. "Shukuruni, amewaachia wajukuu." "Bado mnao wengine." Kana kwamba dada zake wawili waweza kukaa mahali pake, au kwamba wao wenyewe hawakufiwa. Na lile la "amepumzika" ndilo latuuma zaidi sisi tuliokuwa naye, kwa sababu Swalehe hakutaka kupumzika. Alikuwa na miaka 36 na alitaka kuishi. Wiki mbili kabla ya kufa alikuwa akiulizia bei ya mashine ya boti ya farasi 40, aifungue aone ilivyo ndani.

Nyinyi mmenishinda kwa dini, kwa hivyo sina la kuwafundisha. Nawakumbusha tu Nabii Yaaqub. Alimlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe kwa huzuni. Waliomwambia basi, utajimaliza kwa kumtaja Yusuf, walikuwa watu wa nyumba yake mwenyewe. Akawajibu kwamba masikitiko yake ayapeleka kwa Mwenyezi Mungu. Hakuacha kumtaja mwanawe. Na Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, alipokufa mwanawe Ibrahim, alilia watu wakimwona. Kwa hivyo mkisikia mtu akisema kulia ni upungufu wa imani, mwacheni aende zake.

Tanga la siku 3 limekwisha, viti vimerudishwa, turubai limekunjwa. Mkewe Swalehe yuko edani na siku zake zajulikana, miezi 4 na siku 10, na watu wanamhudumia, jambo jema. Zenu hazina hesabu. Nimeona watu waingia ndani kumpa pole yeye, wakitoka wawapita nyinyi hapo barazani kwa salamu tu, kama waliokwisha kupoa.

Sina dawa ya hili. Nilicho nacho ni habari za mwanenu ambazo hamnazo, na naona ni haki yenu.

Mwajua kwamba kwa miaka 2 mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka kusafishwa damu kwa tuktuk yangu, mara 2 kwa wiki, na kila mara akikaa muda wa saa 4 kwenye mashine. Hamjui kwamba hatukuwa tukirudi nyumbani moja kwa moja. Alikuwa ananiambia, "Omari, pitia Mama Ngina." Twaketi ukutani, twatazama meli zikiingia Kilindini. Hapo meli zapita karibu hata waona watu wamesimama juu. Halafu ananunua dafu. Moja tu. Mwajua alikatazwa, madafu yana potasiamu nyingi na figo zikishindwa kuitoa, moyo waweza kusimama. Hata maji alikuwa akipimiwa. Basi dafu lile alininunulia mimi. Alilishika kwa mikono miwili mpaka ubaridi umuingie, ndipo ananipa, na mimi nakunywa yeye akiniangalia. Nikimaliza auliza, "Lilikuwa tamu?" Siku moja nilikataa, nikasema siwezi kunywa wewe umekaa na kiu. Alikasirika kweli. Akaniambia kiu yake ni yake, na kwamba raha ya kuona mtu akinywa hajakatazwa na daktari. Mama, moyo ule aliutoa kwako. Sijapata kuona mtu akila kwako wewe ukala kabla yake.

Baba, hili jingine limenikaa kifuani. Najua unajilaumu kwa ajili ya figo. Ulijitolea, ukapimwa, daktari akakukataa kwa sababu ya sukari. Siku ya pili ya tanga nilikusikia ukimwambia ami, "Ningekula vizuri, mwanangu angekuwa hai." Swalehe alipopewa habari kwamba umekataliwa, mimi nilikuwa naye ndani ya tuktuk, nje ya hospitali. Aliweka kichwa juu ya magoti akalia. Nikadhani analilia nafasi aliyoikosa. Alipoinua uso akasema, "Alhamdulillahi. Nilikuwa naogopa wangemkubali." Alikuwa akiota, akaniambia, wewe na yeye mmelala vitanda viwili na Mama amesimama katikati, hajui amwendee nani. Hakuwahi kukwambia kwa sababu alijua ungeudhika. Sikuelezi haya ili uache kujilaumu, hilo siliwezi. Nakueleza kwa sababu alilisema na nililisikia.

Karakana yake pale karibu na Bandari ya Kale nimeifunga, ufunguo ninao. Hakuna spana iliyosogezwa. Mashine ya mwisho aliyokuwa akiitengeneza bado iko juu ya meza, imefunguliwa, na skrubu zake amezipanga kwenye kifuniko cha kopo la rangi kwa utaratibu wake ule. Watu wawili washaniuliza kama vifaa vyauzwa. Nimewaambia havina haraka. Mkitaka kuviona kabla ya mtu yeyote kugusa, nitawapeleka, hata iwe usiku. Mkitaka nisivitaje tena mpaka mwaka upite, sitavitaja.

Daftari lake la madeni nimelisoma. Wenye maboti watatu walikuwa hawajamaliza kumlipa, na wote wamenipa ahadi. Mmoja ameshalipa. Katika kurasa za nyuma kuna aliowafanyia kazi bila kuandika bei, majina tu, na mbele ya kila jina neno "baadaye". Hao sitawadai mpaka mniambie, kwa sababu namjua, "baadaye" yake ilikuwa njia ya kusamehe.

Jumatano baada ya alasiri nitakuja na daftari na pesa. Mama, usipike, mke wangu ataleta mahamri na mbaazi. Sitasema poleni. Mkitaka kunyamaza tutanyamaza. Lakini nina ombi. Mimi nilimjua Swalehe akiwa na miaka 17, ameshakuwa mrefu, ameshapata sauti. Ya nyuma sina. Sijui alikuwa akilia vipi usiku, wala alianza kufungua mashine akiwa na miaka mingapi, wala ni nani aliyempiga kwa kuivunja redio ile aliyokuwa akiisimulia kila siku. Nataka kumjua na huyo. Mkiweza Jumatano, nianzieni na redio.

Mwanenu,
Omari