Karatasi ya Mazoezi: Michoro ya Miale na Mawimbi ya Mwanga, Kidato cha Sita

Muda: saa 1. Leteni rula, penseli iliyochongwa na kikokotoo.

Kanuni ya alama. Tunatumia "halisi ni chanya", mwanzo hadi mwisho. Umbali wa kitu halisi au taswira halisi ni chanya. Wa kitu au taswira isiyo halisi ni hasi. Kioo mbonyeo na lenzi mbinuko zina f chanya. Kioo mbinuko na lenzi mbonyeo zina f hasi. Ukichanganya kanuni hii na ile ya kuhesabu kushoto na kulia ndani ya swali moja, jibu limeharibika.

`1/f = 1/u + 1/v`

Mpangilio wa kazi. Chora kwanza, kokotoa baadaye. Andika skeli, mhimili mkuu, kifaa na F, kisha kitu kama mshale. Kila mwale uwe na kichwa cha mshale. Miale iliyorefushwa nyuma iwe ya nukta nukta. Halafu orodhesha data pamoja na alama zake, andika fomula, weka namba. Usiipe v alama yoyote kabla ya kuitafuta! Hapo ndipo wengi wanapoteza maksi: wameona mchoroni kwamba taswira si halisi, wakatia hasi kwenye fomula, kisha hesabu ikaigeuza tena.

Mfano. Kitu cha sm 2 kiko sm 10 mbele ya kioo mbonyeo, f = sm 15. Mwale sambamba na mhimili unaakisiwa kupitia F. Mwale unaoelekea kana kwamba umetoka F unaakisiwa sambamba na mhimili. Mbele ya kioo miale hiyo inaachana, kwa hiyo irefushe nyuma hadi ikutane.

```
1/v = 1/15 - 1/10 = -1/30
v = -30
```

Taswira iko sm 30 nyuma ya kioo, si halisi, imesimama wima, kimo sm 6. Kama mchoro unasema vingine, rudia mchoro na hesabu zote mbili.

Maswali

1. Lenzi mbinuko, f = sm 12, u = sm 18. Chora, tafuta v na ukuzaji. (maksi 5)

2. Lenzi mbonyeo yenye fokasi ya sm 20, kitu kiko sm 30. (maksi 5)

3. Kitu kiko sm 60 mbele ya lenzi mbinuko ya f = sm 20. Sm 20 nyuma yake kuna lenzi mbonyeo ya fokasi sm 15. Taswira ya mwisho iko wapi? Angalia vizuri alama ya u kwenye lenzi ya pili. (maksi 8)

4. Jaribio la Young la matundu mawili: λ = 600 nm, d = mm 0.30, D = m 1.5. Tafuta nafasi kati ya mistari angavu inayofuatana, kwa `y = λD/d`. Kifaa chote kikizamishwa majini (n = 4/3), nafasi inakuwa ngapi? Eleza kwa nini masafa hayabadiliki. (maksi 7)

Majibu ya kulinganisha: (1) sm 36, mara 2, (2) sm −12, (3) sm 30 nyuma ya lenzi ya pili, halisi, (4) mm 3.0, mm 2.25.