Gemu ya Mashimo

Tangu juzi gemu aliyoitengeneza dogo ilikuwa inasoma "inakaguliwa" tu kwenye duka la app, kila saa anaburuta skrini chini aone kama kuna kipya, mara simu ikatetemeka, imepita, gemu iko hewani!

Gemu yenyewe simpo, pikipiki inakwepa mashimo, ukiingia shimoni abiria anakuporomoshea maneno. Sauti ya abiria ni yake mwenyewe, alirekodi chumbani usiku, ndo maana nyuma unasikia honi za ukweli maana barabara ya chini ya dirisha lake hailalagi.

Riviu ya kwanza, nyota 5: "Hongera mwanangu, usisahau kula." Hiyo haihesabiki jamani, ni bi mkubwa.

Ya pili nyota 1: "inajifunga nikifika darajani nimefuta." Roho ikamshuka, akaanza kutaipu jibu la hasira, akalifuta, akauliza tu kaka unatumia simu gani. Jamaa akaihariri riviu yake, akaongeza: ramu giga 2. Ahaa! Picha ya daraja ilikuwa pikseli 4096 kwa 4096 bila kubanwa, hiyo peke yake inakula megabaiti 64 za memori. Akaishusha mpaka 1024, akapandisha namba ya toleo, akatuma upya.

Wakati anasubiri ikaingia ya tatu, nyota 4: "huyo abiria ni nomaaa naingia mashimoni makusudi nimsikie 😂😂 ila maneno yanajirudia."

Akafunga mlango, akawasha rekoda.

"We dereva, leseni ulishinda kwenye bahati nasibu?"